Galaxy A54 ilikuwa inajaa kwa saa moja na nusu, sasa saa nne. Tatizo ni kichwa, waya au sistimu ya chaji?

Kidagaa_Mbagala
Wakuu habari za jioni. Nina A54, nilipoinunua ndani ya boksi kulikuwa na waya tu wa Taipu C pande zote mbili, kichwa nikanunua mwenyewe cha wati 25. Ukichomeka ilikuwa inaandika `Super fast charging`, na kutoka asilimia 15 mpaka imejaa ilikuwa saa moja na nusu hivi.

Mwezi wa nne mdogo wangu akarudi chuo Dodoma, akaondoka na kichwa na waya wake. Nikaenda Kariakoo, nikanunua kichwa kimeandikwa 65W kwa maandishi ya dhahabu, na waya mrefu wa kitambaa ulioandikwa 6A. Tangu siku hiyo inaandika `Fast charging` tu, ile Super imepotea. Nikasema potelea mbali. Wiki mbili hizi ndiyo imezidi, mara nyingi inaandika `Charging` kavu na naichomeka saa nne nzima. Nianze kubadilisha nini? Sitaki kununua kitu cha tatu nikakuta tatizo lilikuwa kwingine.

Chuma_Kipya
Betri imechoka hiyo mkuu. Simu ikimaliza miaka miwili hakuna namna, badilisha betri maisha yaendelee.

Mzee wa Chanika
Angalia umeme wenu kwanza. Huku kwetu kuanzia saa moja jioni taa zinakuwa za njano, friji inanguruma, na simu haijai ng'o. Usiku wa manane inajaa vizuri tu. Umeme ukiwa mdogo chaja inafanyaje kazi?

FundiLikoni
Kidagaa, betri usiiguse. Betri iliyochoka huwa inawahi kujaa na inawahi kuisha, kwa sababu nafasi ya ndani imepungua. Tena yale maneno kwenye skrini hayatoki kwenye uzee wa betri. Simu inaandika hivyo kulingana na ilivyoelewana na kichwa pale ulipochomeka. Ikiandika `Charging` kavu maana yake hawakuelewana, ikajichukulia volti 5 za kawaida ili isilale njaa.

Mzee wa Chanika naye si kwamba amekosea moja kwa moja. Lakini soma mgongoni mwa kichwa chochote cha maana, utaona kimeandikwa kinapokea volti 100 mpaka 240. Umeme ukishuka hadi 170 kichwa kizuri hakijui hata kama umeshuka. Vile vya bei ya mishikaki ndivyo huchemka na kutoa kidogo. Kidagaa angekuwa na shida ya umeme, ingekuja jioni na kuondoka usiku.

Nijibu haya manne, taratibu:

Kichwa kipya tundu lake ni la Taipu C au lile pana la USB ya zamani? Mgongoni, yale maandishi madogo ya `Output` yanasemaje? Achana na dhahabu. Ulipokuwa ukipima, simu ilikuwa asilimia ngapi? Kuanzia 80 kwenda juu simu zote hupunguza zenyewe, kwa hiyo pima ikiwa kati ya 20 na 50, skrini imezimwa. La mwisho, chomeka, soma inavyoandika, chomoa, geuza ile ncha ya upande wa simu, chomeka tena. Niambie kama maneno yanabadilika.

Bi Tausi
Naomba na mimi nisaidiwe hapo hapo. Nina Redmi Note 11, kichwa ni kile kile cha kwenye boksi cha 33W, waya ndio niliubadilisha ulipokatika shingo. Kabla ilikuwa inaleta ile picha kubwa ya namba zinazokimbia, sasa hivi inaleta kaumeme kadogo tu. Nami nigeuze?

Kompyuta_Bandia
Hapa watu wanazunguka. Waya wowote usio na chipu ndani hauwezi chaji ya kasi. Nunueni waya wenye chipu, mmemaliza.

Kidagaa_Mbagala
Fundi, nimekaa sakafuni na tochi kama nakagua dhahabu. Majibu:

Kichwa ni cha lile tundu pana la zamani. Mgongoni kimeandikwa hivi, nanakili kama kilivyo:

```
Output: 5V-3A  9V-2A  12V-1.5A
```

Mbele 65W. Simu ilikuwa asilimia 34.

Na hili la kugeuza limenishangaza. Upande mmoja `Fast charging`. Nikigeuza, `Charging`. Nimerudia mara sita, upande ule ule ndio unaogoma. Waya wa Taipu C si wanasema hauna juu wala chini?

FundiLikoni
Una matatizo mawili, yamepandana, ndiyo maana ulichanganyikiwa.

La kwanza ni kichwa. Zidisha mwenyewe: 9 mara 2 ni 18, 12 mara 1.5 ni 18, 5 mara 3 ni 15. Kichwa chako ni cha wati 18, kwa maandishi yake chenyewe, na ile 65 ni pambo. Lakini hata kingekuwa cha 65 kweli, bado usingeiona Super. A54 ikitaka wati 25 inaongea lugha inayoitwa PD, tena ile aina yake ya PPS ambapo simu inaagiza volti kidogo kidogo, sasa 8.4, baada ya nusu dakika 8.46, kadiri betri inavyopanda. Mazungumzo hayo yanapita kwenye pini ambayo ile USB pana haina kabisa. Kupitia tundu la zamani, Samsung inashuka kwenye lugha yake ya zamani, inaomba volti 9 bapa na kuchukua ampea 1.6 hivi, yaani wati 15. Hiyo ndiyo `Fast charging` yako ya tangu mwezi wa nne. Simu haikuharibika, imekosa wa kuongea naye.

La pili, hili la wiki mbili, ni tundu la simu yako. Ukichungulia ndani utaona katikati kuna kaulimi kembamba, na pini zimepangwa juu na chini yake. Umeme wenyewe umepewa pini nne za kwenda na nne za kurudi, kwa hiyo hata tundu likiwa chafu, mara nyingi moja itagusa na simu itaonyesha inachaji. Mazungumzo hayana anasa hiyo. Waya wako wa zamani-kwenda-C unaongea kwa pini mbili tu, na ziko upande mmoja wa ncha. Ukigeuza, zinaangukia jozi nyingine ya pini ndani ya simu. Jozi ya juu inagusa, ya chini haigusi. Simu inasubiri salamu, haisikii kitu, inajiamulia: huyu simjui, nichukue volti 5 kidogo kidogo.

Kwa hiyo ndiyo, Taipu C haina juu wala chini, mpaka siku tundu lishike uchafu.

Nuru wa Sokoni
Fundi hapo kwenye pini nne nne umenifungua. Miaka yote najiuliza simu inachajije kama sistimu ni mbovu.

Kompyuta_Bandia
Sawa, na chipu je? Mbona umeruka?

FundiLikoni
Sijaruka, nilikuwa na mteja. Chipu ipo, na una haki nusu. Kwenye waya wa C kwa C, chipu inahitajika pale unapotaka kupita ampea 3. Mwenye S23 Ultra anayetaka zile wati 45 kamili anahitaji waya wa ampea 5, na huo lazima uwe na chipu, kichwa kisipoiona hakitoi zaidi ya 3. Wati 25 za A54 hazifiki ampea 3. Waya wowote mzima wa C kwa C unatosha, hata usio na chipu. Ukimwambia Kidagaa akanunue wa chipu unampoteza pesa tu.

Kompyuta_Bandia
Wangu wa bila chipu ulikuwa unakataa kwenye A34, na hiyo nayo ni ya 25. Nilipoweka wenye chipu ukakubali. Sasa?

FundiLikoni
Huenda ule wa kwanza ulikuwa mbovu au mwembamba. Siwezi kuukatalia waya nisioushika.

Kompyuta_Bandia
Haya.

Nuru wa Sokoni
Kidagaa, safisha kwa sindano. Mimi nilitoa uchafu mwingi sana kwa sindano ya cherehani, dakika mbili tu.

FundiLikoni
SINDANO HAPANA. Nina sanduku la A14 na Tecno zilizosafishwa kwa sindano. Unagusa pini mbili kwa pamoja au unakwaruza ile dhahabu, na dhahabu ikitoka kutu inaingia, basi hapo unalipa sistimu nzima. Na wengine wanapuliza kwa mdomo, wanapeleka mate kisha wanashangaa simu kuleta alama ya tone la maji.

Kidagaa, fanya hivi. Zima simu kabisa, siyo skrini tu. Chukua kijiti cha kuchokolea meno cha mti, kichonge kwa wembe kiwe bapa kama bisibisi, maana kikiwa cha mviringo hakipiti kati ya ulimi na ukuta. Kipitishe kwenye ukuta wa nje mpaka chini kabisa, vuta kuja kwako, usisukume, ukisukuma unashindilia. Fanya juu, fanya chini, pembe mbili usizisahau, huko ndiko kunakojificha. Ulimi wenyewe usiuchokonoe wala usiuegemee. Kama pini zina utando wa kijani au mweupe, hiyo siyo pamba, ni kutu ya jasho au maji, na hapo kijiti hakitoshi.

Kabla hujaanza, chomeka waya na utazame pembeni. Ncha ya chuma imezama yote au imebaki nje kidogo?

Kidagaa_Mbagala
Imebaki nje. Nimelinganisha na simu ya dada hapa, kwake inazama na inalia "tk". Kwangu hailii, na inabaki nje unene wa kucha. Ndiyo maana usiku nikijigeuza inachomoka! Nilidhani waya umelegea.

Chuma_Kipya
Betri.

Bi Tausi
Jamani mmenisahau. Yangu nimegeuza, pande zote mbili ni kaumeme kadogo.

FundiLikoni
Bi Tausi samahani dada yangu. Kwako kugeuza kumetuambia kwamba tundu huenda ni zima, kwa sababu uchafu mara nyingi hauharibu pande mbili sawasawa. Mshukiwa wako ni waya. Kile kichwa cha 33W, ukichungulia kwenye tundu lake, kina pini ya ziada, na waya wake wa asili nao una mguso wa kuipokea. Waya wa mtaani, hata ukiandikwa 6A mpaka kisigino, ukiwa hauna mguso huo, kichwa na simu vinarudi kwenye lugha ya wote ya wati 18. Ni ya kasi kiasi, lakini ile picha ya namba zinazokimbia haiji. Azima waya wa asili kwa mtu mwenye Redmi kama yako, jaribu dakika moja tu, utajua.

Bi Tausi
Mwenye Redmi kama yangu ni mume wa zamani. Nitatafuta njia nyingine.

Kidagaa_Mbagala
Wakuu nimetoka kusafisha. Kilichotoka kimenitia aibu. Ukiangalia kwa macho tundu lilikuwa jeusi tu, safi kabisa ungeapa. Kijiti cha kwanza hakikutoa kitu. Nikakichonga kikawa chembamba zaidi, nikaenda mpaka chini, nikavuta, kikaja kibonge cha kijivu kimeshindiliwa kama kipande cha kofia, ukubwa wa punje ya mchele. Ukikichambua ni nyuzi za mfuko wa jinzi, na mchanga. Upande wa pili kikatoka kingine kidogo.

Nimewasha, nimechomeka: "tk". `Fast charging`. Nimegeuza: `Fast charging`.

Kisha nikaenda kwa kijana wa kutengeneza simu hapa mtaani, ana kile kipimo kidogo cha USB chenye namba. Kwa kichwa hiki hiki tukaona volti 9 na ampea 1.6. Nikamwomba anionyeshe na simu nyingine aliyonayo mezani yenye tundu bovu: volti 5.1, ampea 0.9. Hiyo ya kwangu wiki mbili zote ilikuwa hapo hapo.

Nuru wa Sokoni
9 mara 1.6 ni 14 na kitu, ile 5.1 mara 0.9 haifiki hata 5. Mara tatu nzima. Kwa punje ya mchele!

FundiLikoni
Hongera. Ukiwa hapo kwa huyo kijana ungemwambia ahamishe kipimo, kwanza kikae kwenye kichwa, halafu kikae mwisho wa waya kwenye simu. Huo waya wako wa kitambaa una mita ngapi, na pembeni umeandikwa kitu?

Kidagaa_Mbagala
Mita mbili. Umeandikwa 6A kwenye ncha, hakuna kingine. Nilirudi kumwomba, hakukataa. Tulichukua waya wa C wa kwake na kichwa chake cha kawaida cha volti 5 ampea 2. Kwenye kichwa 5.1. Mwisho wa waya wake mfupi, 4.9. Tukaweka wangu wa mita mbili, mwisho wake 4.5 na ampea zikashuka zenyewe kutoka 1.8 hadi 1.2. Zimeenda wapi?

FundiLikoni
Zimepotea njiani, zimekuwa joto ndani ya kitambaa. Kitambaa kinanenepesha waya kwa nje, ndani shaba ni nyembamba kama unywele. Waya unaojiheshimu hujiandika, mfano `24AWG/2C`, na hapo namba ikiwa ndogo shaba ni nene zaidi. Ukikuta 28 ujue ni wa kuhamishia picha. Simu ikiona volti zinaelekea 4.5 huwa inajipunguzia ampea yenyewe, vinginevyo kichwa kingezidiwa. Kwa volti 9 hasara hiyo huioni sana, kwa sababu ampea chache zinabeba wati nyingi, ndiyo maana `Fast charging` yako bado inaandika vizuri kupitia waya huo huo. Ila ikishuka kwenye volti 5, waya mbaya unaizika kabisa.

Sasa ukitaka Super yako, nunua kichwa cha tundu la C ambacho mgongoni kina mstari wa PPS. Cha Samsung cha 25 kinasomeka hivi:

```
(PDO) 9.0V 2.77A or 5.0V 3.0A
(PPS) 3.3-5.9V 3.0A or 3.3-11.0V 2.25A
```

Si lazima kiwe cha Samsung. Lakini mstari wa PPS usipokuwepo, hata kikiwa cha wati 100 cha kompyuta, A54 itakuandikia `Fast charging` na kukaa hapo hapo. Waya uwe wa C kwa C, mita moja inatosha. Pia ingia kwenye mipangilio ya betri uhakikishe swichi ya `Super fast charging` iko wazi, kuna watu huizima wakasahau.

Mzee wa Chanika
Mimi nimesoma yote, nimeenda kuangalia kichwa changu. Kimeandikwa 220-240 tu, hakina hiyo 100. Ndiyo hicho kinachonitesa jioni?

FundiLikoni
Mzee wangu, kuna uwezekano mkubwa. Azima kingine chenye 100-240 ujaribu jioni ile ile taa zikiwa za njano.

Kidagaa_Mbagala
Mrejesho baada ya siku tatu. Nimepata kichwa chenye mstari wa PPS na waya wa mita moja. `Super fast charging` imerudi, pande zote mbili.

Ila kuna kitu. Jana niliichomeka kitandani nikiwa nagawa bando kwa wenzangu. Baada ya dakika kumi hivi muda wa kujaa ukaongezeka badala ya kupungua, nikaona imeshuka. Nikaisubiri ipoe, haikupanda tena mpaka nilipochomoa na kuchomeka upya.

FundiLikoni
Kushuka ni joto. Kava, godoro, bando linagawiwa, na wati 25 zinaingia, simu inajiokoa. Vua kava, iweke mezani. Kwa nini haikupanda yenyewe ilipopoa, hapo nimeona simu za aina mbili, nyingine zinapanda na nyingine zinangoja uchomoe. Ya kwako sijui ni toleo la programu au ni hicho kichwa.

Nuru wa Sokoni
Yangu A34 inapanda yenyewe. Kichwa cha Samsung.

Kompyuta_Bandia
Yangu haipandi. Kichwa cha Samsung vile vile. Na waya una chipu.

Kidagaa_Mbagala
Basi hilo tuliache wazi. Kingine cha kuchekesha: nimempigia mdogo wangu Dodoma nimtambie kwamba nimepata kichwa kipya, akaniambia kile alichoondoka nacho hakitaki. Ana Infinix ya wati 33, anasema kwa kichwa changu cha 25 inachaji polepole kuliko hata kile cha rafiki yake cha 18, na alishaanza kusema nilimwachia kibovu.

FundiLikoni
Kibovu wapi. Infinix nyingi zina lugha yao, zinataka kichwa chao. Mwambie atafute kile cha kwenye boksi lake, cha kwako arudishe na basi la Ijumaa.

Kidagaa_Mbagala
Cha kwenye boksi lake aliuza.